Arch kote kuwili, au Debian "ya zamani"?

*"Shikamoo kaka. Naanza Linux kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8, na bosi wangu wa duka la vipuri anataka nimwekee seva ndogo ya mfumo wa mauzo. Rafiki yangu ananishauri niweke Arch kote kuwili kwa sababu inasasishwa kila siku na haihitaji kuinstoli upya. Mwingine anasema Debian, lakini nikiiangalia naona programu zake ni za zamani. Seva yenye programu za zamani si hatari? Nichukue ipi?" — Msomaji, Mbeya*

Marahaba, mdogo wangu. Seva ya bosi iwekee Debian 13. Laptopu yako iwekee Linux Mint, au Debian hiyo hiyo ukitaka kuzoea mfumo mmoja kazini na nyumbani. Arch nayo usiitupe, ina mahali pake, nitakuonyesha huko mbele. Ila kwanza tulimalize hilo la "programu za zamani", maana ndilo linalowapoteza wengi.

Debian ni distro ya matoleo. Siku toleo linapotoka, namba za programu zake zinagandishwa. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na PostgreSQL 15 na PHP 8.2. Leo ukiisasisha mara mia, bado utakuta 15 na 8.2. Ukitaka 17 na 8.4 unahamia Debian 13, iliyotoka Agosti 2025. Arch ni distro ya mfululizo: haina namba ya toleo kabisa. Watengenezaji wa programu wakitoa kitu kipya, baada ya siku chache kiko kwenye maghala ya Arch, nawe ukiandika `pacman -Syu` kinaingia kwako.

Ukiishia hapo utaona kweli mmoja ni mpya na mwingine ni mzee. Lakini sasisho lina mambo mawili ndani yake: kuna dawa, yaani kuziba tundu la usalama, na kuna mabadiliko, yaani programu kuanza kufanya kazi kwa namna tofauti na jana. Kwenye Arch vyote viwili vinakuja kwenye chupa moja. Ukitaka dawa, unameza na mabadiliko. Debian wanakaa chini, wanachuja dawa peke yake, wanaitia kwenye programu ile ile uliyokuwa nayo.

Nikupe mfano wenye tarehe. Tarehe 1 Julai 2024 lilitangazwa tundu kwenye OpenSSH, ile programu unayoingilia kwenye seva ukiwa mbali. Lilipewa namba CVE-2024-6387, na watu walilibatiza jina la regreSSHion. Lilikuwa baya: mtu asiye na neno la siri wala funguo angeweza, akiwa na subira ya kujaribu maelfu ya mara, kuingia kwenye seva akiwa na mamlaka ya root. Watengenezaji wa OpenSSH walitoa toleo 9.8p1 siku hiyo hiyo kuliziba.

Arch waliliingiza 9.8p1 upesi, siku ile ile. Kwa kasi huwezi kuwalaumu. Tatizo ni kwamba 9.8p1 halikuwa dawa tupu. Ndani yake watengenezaji walikuwa wameigawa `sshd` vipande viwili: kimoja kinasikiliza mlangoni, kingine kinachoitwa `sshd-session` kinamhudumia kila anayeingia. Sasa fikiria seva iliyosasishwa bila kuwashwa upya ile huduma. Kwenye kumbukumbu bado inaendeshwa `sshd` ya zamani, lakini kwenye diski faili ni la mpango mpya. Mgeni akibisha hodi, ile ya zamani inaliita faili lake ili limhudumie, inakuta faili limegeuka, na mgeni anakataliwa. Arch wenyewe waliandika tangazo siku hiyo kwenye ukurasa wao wa habari kwamba baada ya kusasisha lazima uendeshe hii:

```
systemctl try-restart sshd
```

Aliyesoma tangazo alipita salama. Asiyesoma, akasasisha seva iliyo mbali, akafunga dirisha lake na kwenda kulala, asubuhi alikuta mlango haumfungulii hata yeye mwenyewe. Seva inafanya kazi, inatoa kurasa, ila mwenye nyumba yuko nje.

Sasa tazama Debian 12 siku hiyo hiyo. Ilikuwa na OpenSSH 9.2p1, na baada ya kusasisha ilibaki kuwa 9.2p1. Ukiuliza namba:

```
$ dpkg-query -W openssh-server
openssh-server	1:9.2p1-2+deb12u3
```

Mkia ule wa mwisho ndio wa kusoma. `deb12u3` maana yake ni sasisho la tatu la kifurushi hiki ndani ya Debian 12. Sehemu ya mbele, 9.2p1, haikuguswa, kwa hiyo hakuna mpangilio uliobadilika, hakuna `sshd-session`, hakuna kilichofanya kazi kwa namna mpya. Mistari michache ya msimbo iliyoziba tundu ndiyo iliyopachikwa.

Kwa hiyo ukisikia mtu, au hata programu ya ukaguzi wa usalama, inapiga kelele kwamba seva yako ina "OpenSSH 9.2, ni ya zamani, ni hatari", usikimbilie kusasisha kwa nguvu kutoka mahali pengine. Muulize ameangalia mkia au kichwa tu. Wakaguzi wengi husoma kichwa tu. Ushahidi unaupata kwenye daftari la kifurushi chenyewe:

```
apt changelog openssh-server | grep sshsigdie
```

Daftari halikuitaja namba ya CVE, limetaja `sshsigdie`, kipande cha msimbo kilichorekebishwa. Mstari ukitokea, dawa imeingia.

Halafu kuna kichekesho kimoja kwenye kisa hiki. Kosa lile lilikuwa limezibwa tangu mwaka 2006, kisha likarudi kwa bahati mbaya kuanzia OpenSSH 8.5p1. Debian 11, ambayo ilikuwa imeganda kwenye 8.4p1, haikuwa na tundu hilo kabisa. Mzee kuliko wote ndiye aliyekuwa mzima. Sisemi uzee ni kinga. Matundu mengi hukaa kwenye msimbo wa siku nyingi. Nasema tu kwamba namba kubwa haikuhakikishii usalama, na namba ndogo haimaanishi uko uchi.

Miezi mitatu kabla ya hapo kulikuwa na kisa kingine, cha `xz`. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu hiyo ya kubana mafaili yamepandikizwa mlango wa nyuma kwa makusudi. Aligundua kwa sababu kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya majaribio kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Toleo 5.6.0 lilikuwa limetoka Februari, kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja sumu ilikuwa imeshafika kwa distro za mfululizo, Arch na openSUSE Tumbleweed zikiwemo, na kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora. Arch waliponea kwa sababu `sshd` yao haikuunganishwa na maktaba ya `xz`, hivyo njia ya shambulio iliyojulikana haikuwahusu. Debian 12 ilikuwa bado kwenye 5.4.1, haikuguswa. Anayeonja chakula wa kwanza ndiye anayejua kwanza kama kimeharibika, na kwenye seva ya duka la watu sioni sababu ya wewe kuwa muonjaji.

Haya, laptopu. Kwa mtu anayeanza, sababu ya kwanza ya watu kuchukua distro ya mfululizo ni vifaa vipya: kompyuta imetoka kiwandani juzi, kadi ya waifai au ya picha haijulikani na kerneli ya mwaka jana. Laptopu yako ni ya mtumba. Vifaa vyake vimeshajulikana miaka kadhaa, kerneli yoyote ya leo inavimudu. Hiyo sababu haikuhusu.

Sababu ya pili ya watu ni kwamba eti Arch inakufundisha. Inafundisha, ni kweli, lakini inafundisha kwa ratiba yake. Angalia kosa ambalo karibu kila anayeanza Arch hulifanya. Una kibando cha MB 500, unataka programu moja tu, tuseme `vlc`. Unaandika:

```
sudo pacman -Sy vlc
```

Unaona umekuwa mjanja, umeshusha kimoja badala ya vyote. Ulichofanya ni hiki: ile `-y` imeleta orodha mpya ya ghala, kisha ukachukua kifurushi kimoja cha leo ukakiweka juu ya mfumo wa mwezi uliopita. Kikija na maktaba mpya, tuseme `icu`, programu nyingine zote zilizojengwa juu ya `icu` ya zamani zinabaki zinatafuta faili ambalo halipo tena. Utaifungua programu ambayo hukuigusa kabisa na terminali ikujibu:

```
error while loading shared libraries: libicuuc.so.74: cannot open shared object file
```

Namba ya mwisho hubadilika, wimbo ni ule ule. Ukiuona ujue mfumo umesasishwa nusu. Arch wanasema wazi hawautambui mfumo wa namna hiyo. Dawa yake ni `pacman -Syu` kamili, yaani kushusha vyote. Mwanya wa kusema "kimoja leo, vingine mwisho wa mwezi bando likirudi" haupo. Na ukikaa mwezi mzima na eneo-kazi lenye programu za kawaida, si ajabu kukuta GB moja au mbili zinakusubiri. Kwa mwenye intaneti ya waya isiyo na kikomo hilo halisumbui. Kwa anayenunua bando la wiki, linauma.

Ukikaa muda mrefu zaidi, miezi sita hivi kwa sababu laptopu ilikuwa kwa fundi au ulikuwa shamba, unakutana na ukuta mwingine. Funguo za saini za watengenezaji waliopakia vifurushi zimebadilika, na `pacman` inakataa kila kitu ikisema saini ni ya `unknown trust`. Hapo unaanza na `archlinux-keyring` peke yake, kisha mara moja unasasisha vingine vyote. Ni rahisi ukijua. Usipojua unaanza kuzima ukaguzi wa saini kwa ushauri wa mtu usiyemjua, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Kuna na sasisho zinazohitaji mkono wako. Juni 2025 Arch waligawa kifurushi cha `linux-firmware` vipande vingi, na wengi waliosasisha walisimamishwa na ujumbe wa `exists in filesystem`. Utatuzi rasmi ulikuwa kuking'oa kile kifurushi kwa `pacman -Rdd linux-firmware`, ile `-dd` ikimaanisha usiangalie nani anakitegemea, kisha kusasisha na kukirudisha. Mtu aliyezoea alimaliza kwa dakika mbili. Mtu mwenye wiki ya pili kwenye Linux anaambiwa ang'oe bila kuangalia vitegemezi, halafu akisitasita katikati akazima kompyuta, anaiwasha bila firmware ya waifai, na jibu liko kwenye intaneti.

Linux Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, inahudumiwa hadi 2029. Ukiiacha miezi mitatu, ukirudi inasasisha bila ugomvi. Ukiweka programu moja tu leo, inaingia moja tu. Ina Timeshift ya kupiga picha ya mfumo kabla hujaharibu, na utaharibu, sote tulipita huko. Maelezo mengi utakayoyakuta ya kujifunzia yameandikwa kwa ajili ya Ubuntu na Debian, kwa hiyo amri unazosoma ndizo unazoziandika. Na kama kuna programu moja unayoitaka mpya, ichukue kwa Flatpak, huku mfumo wenyewe ukibaki umetulia.

Arch basi ni ya wapi? Iweke ndani ya VirtualBox humo humo kwenye laptopu yako, mpe RAM ya GB 2 na diski ya GB 20, bila eneo-kazi. Iinstoli kwa mkono, ugawe diski mwenyewe, uweke kiwashio mwenyewe. Utajifunza yale yale ambayo rafiki yako anayasifia, na ikivunjika unafunga dirisha unakwenda kula. Baada ya mwaka, ukiona unasoma ukurasa wao wa habari kabla ya kila sasisho bila kukumbushwa, weka Arch kwenye chuma chenyewe. Ukitaka mfululizo wenye ngazi ya kurudi nyuma, openSUSE Tumbleweed ni mwerevu zaidi kwa hilo: kila sasisho hupita kwanza kwenye mitambo yao ya majaribio, na ukiinstoli kwa mpangilio wake wa kawaida mfumo hupiga picha yake kabla na baada ya kusasisha, hivyo ukikwama unachagua picha ya jana kwenye menyu ya kuwasha. Bado bando litaliwa.

Sasa seva. Hapa nina kovu langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimwekea mwenye duka la dawa seva ya mauzo juu ya Arch, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naitumia nyumbani na nilijiona fundi. Ijumaa jioni nikaingia kwa mbali, nikaendesha `pacman -Syu`, kila kitu kikapita kijani. Sikuona kwamba katikati ya orodha ile ndefu `postgresql`, inayotunza data ya mauzo, ilikuwa imeruka kutoka 15 kwenda 16. Jumamosi duka likauza. Jumatatu likauza. Jumanne umeme ukakatika, betri ya akiba ikaisha, seva ikazima. Umeme uliporudi, mfumo wa mauzo haukuwaka. Nikaangalia `systemctl status postgresql` na kukuta sentensi hii:

```
An old version of the database format was found.
```

Arch haiziwashi upya huduma ikisasisha. Kwa hiyo PostgreSQL 15 ilikuwa imeendelea kuishi kwenye kumbukumbu siku nne nzima huku mafaili yake kwenye diski yakiwa yameshaondolewa. Umeme ulipokatika ikafa, iliyoamka ni 16, na 16 haiwezi kusoma hifadhidata iliyoandikwa na 15. Tazama ubaya wake: kosa nililifanya Ijumaa, dalili ikaja Jumanne, na kila mtu dukani akiwa na uhakika kwamba aliyeharibu ni umeme.

Data haikuwa imepotea, na hili nakuomba ulishike. Wapo wanaoona ujumbe kama huo, wanafuta folda ya `data` na kuanzisha upya ili huduma iwake. Inawaka kweli, ikiwa tupu. Njia sahihi kwenye Arch ni kuweka kifurushi `postgresql-old-upgrade`, ambacho kinaleta injini ya toleo lililotangulia, kuisogeza folda ya zamani pembeni, kuanzisha folda mpya, kisha kuhamisha ukiwa mtumiaji `postgres`:

```
pg_upgrade -b /opt/pgsql-15/bin -B /usr/bin \
  -d /var/lib/postgres/olddata -D /var/lib/postgres/data
```

Ilinichukua saa mbili na nusu, na wahudumu wakiandika mauzo kwenye daftari la mistari. Mwenye duka hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani hicho kipya kilikuwa kinanisaidia nini?" Sikuwa na jibu.

Unaweza kuniambia ningeandika `IgnorePkg = postgresql` kwenye `/etc/pacman.conf` ili isiguswe. Ndiyo, na wengi hufanya hivyo. Ila kumbuka ile `icu`. Ukishika kifurushi kimoja huku vyote vinavyokizunguka vinasonga, umerudi kwenye mfumo uliosasishwa nusu, na siku moja maktaba itabadilika chini yake. Inakununulia wiki kadhaa, haikununulii miaka.

Debian inalipanga jambo hili vingine kabisa. Ndani ya Debian 12, PostgreSQL haitoki 15, unapata marekebisho ya ndani ya 15 tu. Hata siku utakapohamisha mfumo mzima kutoka Debian 12 kwenda 13, kifurushi `postgresql-15` kinabaki na hifadhidata yako inaendelea kuendeshwa nacho, huku 17 ikiwekwa pembeni yake. Ukiandika `pg_lsclusters` utaziona zote mbili, kila moja na poti yake. Unahamisha data kwa `pg_upgradecluster` siku unayotaka wewe, tuseme Jumapili duka limefungwa na bekapu iko mkononi.

Ukishainstoli Debian 13 kwenye seva ya bosi, jambo la kwanza kabla hata ya mfumo wa mauzo ni hili:

```
sudo apt update
sudo apt install unattended-upgrades needrestart
sudo dpkg-reconfigure unattended-upgrades
```

Ukijibu ndiyo kwenye swali linalokuja, seva itajiwekea dawa yenyewe kila siku, kwa kawaida kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi kabla duka halijafunguliwa. Kwenye distro ya mfululizo nisingethubutu kuacha hilo lijiendeshe. Kwenye Debian naliacha kwa sababu kinachoingia ni dawa tupu. Mara moja kwa wiki pitia `/var/log/unattended-upgrades/unattended-upgrades.log`, na uangalie kama kuna faili `/var/run/reboot-required`. Likiwepo, kerneli mpya imeingia na inasubiri uwashe mashine upya. Bila hivyo dawa ya kerneli iko kwenye diski tu, haijafika mwilini.

Utulivu huu unaweza kuuharibu kwa mkono wako, kwa njia mbili ninazoziona mara kwa mara. Ya kwanza ni kuongeza maghala ya nje, au mistari ya Debian ya majaribio, ili kupata programu moja mpya. Hapo umeshatoka kwenye distro ya matoleo bila kujua. Ukihitaji kweli kitu kipya angalia kwanza `trixie-backports`, ambalo ni ghala la Debian wenyewe; `trixie` ndilo jina la Debian 13. Ya pili ni kuandika neno `stable` kwenye orodha ya maghala badala ya `trixie`. `stable` ni cheo, kinahama. Siku Debian 14 itakapotoka cheo kitahamia kwake, na `apt` yako itaanza kukuvuta huko siku ambayo hukuipanga. Andika jina la toleo.

Ukipendelea Ubuntu Server sitagombana nawe, mradi iwe LTS. Hizo ni zile za mwaka unaogawanyika kwa mbili zenye `.04`, kama 24.04, nazo zina miaka mitano. Zile za katikati, kama 25.10, huhudumiwa miezi tisa tu, kisha zinaachwa.

Na hapo ndipo kasoro ya kweli ya distro za matoleo ilipo. Arch ikikosewa inakupigia kelele mapema. Debian iliyokwisha muda wake haisemi kitu: inawaka, inauza, `apt update` inajibu hakuna jipya, na ukimya huo unaonekana kama afya wakati hakuna tena anayetengeneza dawa. Nimekuta seva za namna hiyo zimekaa miaka. Debian 13 itahudumiwa na timu yake ya usalama hadi Agosti 2028, kisha timu ya LTS itaendelea nayo, kwa uangalizi mwembamba zaidi, hadi Juni 2030. Kuhama hakuhitaji kuinstoli upya, rafiki yako hapo kakosea. Unahama papo hapo, ila toleo moja baada ya jingine, huruki kutoka 11 kwenda 13.

Kwa hiyo siku unayokabidhi seva, chukua karatasi, andika kwa kalamu ya wino mzito "Debian 13, ihamishwe kabla ya Agosti 2028", uibandike juu ya kasha la mashine mahali ambapo hata fundi atakayekuja baada yako ataiona.